Hotuba ya Mgombea Udiwani (2): Kiitikio cha Mkutano

Juma lililopita tulieleza jinsi mgombea anavyochagua hoja moja ya kata yake. Leo tuone hoja hiyo inavyoingia vinywani mwa watu.

Katika vijiji vya Bahi na Chamwino jambo hili la kuitikia lina wenyewe. Wagogo wamekulia katika ngoma ambazo mmoja huanzisha na wengi hupokea, na wanawake wa muheme huimba hivyo huku wakipiga ngoma. Mgombea akisema "Mbukwenyi!" watu humpokea mara moja. Hufuata salamu ya chama, ambayo nayo kila mtu anaijua. Lakini salamu haisemi lolote kuhusu kata, kwa hiyo kiitikio cha hoja hakina budi kutungwa.

Tuchukue hoja ya maji, mwezi wa Oktoba, wakati watu wanachimba mchanga wa korongo kuyatafuta. Mgombea aanze kwa kuwapa neno: "Nikiuliza maji yako wapi, semeni: mbali!" Kisha aendelee:

— Mama anaamka alfajiri, maji yako wapi?
— Mbali!
— Mtoto anachelewa shule, maji yako wapi?
— Mbali!
— Mgonjwa yuko zahanati, maji yako wapi?
— Mbali!
— Sasa tunayataka wapi?
— Karibu!

Jibu ni neno moja fupi, na swali halibadiliki mwisho wake, hivyo hata aliyesimama nyuma chini ya mbuyu anajua lini aitikie. Mara tatu zinatosha. Sauti ikipungua katika mara ya tatu, neno limechosha au halikueleweka. Mgombea aache, asilazimishe. Na akishauliza anyamaze, maana wengi huongea juu ya jibu la watu na kipaza sauti kikalimeza.

Kosa baya zaidi ni swali la kukanusha. Ukiuliza "Hamtaki maji?" nusu watajibu "Ndiyo", jibu linalosikika kama hawataki, na nusu watapaza "Tunataka!" Mkutano unavurugika mbele ya wapinzani wako. Uliza "Mnataka nini?"

Ahadi yenyewe isiitikiwe. Hapo mgombea ashushe sauti na kueleza: diwani ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na ana kura katika baraza la halmashauri. Visima vya vijijini viko mikononi mwa RUWASA, wakala ulioanzishwa mwaka 2019. Anachoweza kuahidi kwa haki ni kuipeleka hoja huko, kuifuatilia, na kurudi kijijini na majibu. Anayewaitikisha watu "Kisima!" kana kwamba atakichimba mwenyewe anawadanganya kwa vinywa vyao.

Mikutano ya kampeni hufungwa saa 12:00 jioni. Mgombea atenge dakika za mwisho kwa maswali ya wananchi. Namna ya kuyajibu tutaieleza juma lijalo.