Baiti ya Kumi na Moja

Chukua faili lolote la GIF, zile picha fupi zinazojirudiarudia ambazo watu hutumiana kwenye simu, uhesabu baiti zake tangu mwanzo. Sita za kwanza ni alama ya aina ya faili, mara nyingi GIF89a. Mbili zinazofuata ni upana wa picha, na mbili nyingine ni kimo chake. Kisha inakuja baiti ya kumi na moja. Hiyo ndiyo nataka tuitazame kwa karibu, kwa sababu ndani yake yamebanwa mambo manne.

Baiti ni biti nane, na biti ni kama swichi ya taa: imewashwa, yaani 1, au imezimwa, yaani 0. Kampuni ya CompuServe ilipotoa muundo wa GIF mwaka 1987, mawasiliano ya kompyuta kwa simu yalikuwa ya polepole na kila baiti ilihesabiwa. Kwa hiyo biti ya juu kabisa ilipewa kazi ya kusema kama faili lina jedwali la rangi. Tatu zinazofuata zinaeleza kina cha rangi za picha ya asili. Moja inasema kama rangi zimepangwa kwa umuhimu. Tatu za mwisho zinaeleza ukubwa wa jedwali: zikiwa na namba 0, rangi ni 2, zikiwa na 1, rangi ni 4, zikiwa na 2, rangi ni 8, na kuendelea hivyo mpaka 7, ambapo rangi ni 256.

Tuseme baiti yetu ni 0x91. Kwa biti ni 10010001. Tukizigawa kama tulivyoelekezwa tunapata 1, 001, 0 na 001. Jedwali lipo, na ukubwa wake ni 1, yaani rangi 4. Kila rangi huchukua baiti tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, hivyo jedwali zima ni baiti 12. Programu inayosoma picha inazichukua hizo 12, kisha inaendelea na yanayofuata.

Anayeandika programu hiyo kwa lugha ya C huona njia inayovutia sana. Lugha inamruhusu kutaja ndani ya `struct` vijisehemu vya biti, kila kimoja kwa upana wake:

```c
struct maelezo {
    unsigned int ukubwa  : 3;
    unsigned int mpango  : 1;
    unsigned int kina    : 3;
    unsigned int jedwali : 1;
};
```

Anainakili baiti ya kumi na moja mwanzoni mwa `struct` hii, anasoma `ukubwa`, na kwenye kompyuta yake ya Intel yenye kompaila ya GCC anapata 1. Jibu ni sahihi, na hapo ndipo mtego ulipo.

Kiwango cha kimataifa cha C, ISO/IEC 9899, hakisemi popote kwamba kijisehemu kilichotajwa kwanza kikae upande wa chini wa baiti. Kinasema kompaila yenyewe ndiyo itakayoamua ianzie juu au chini, mradi tu iandike katika maelezo yake imeamua vipi. Ni kama kumpa mtu mstari wa maandishi bila kumwambia kama ni Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kinachosomwa kutoka kulia, au cha herufi za Kilatini, kinachosomwa kutoka kushoto.

Ipeleke programu ileile, bila kubadili hata herufi, kwenye mashine ya PowerPC, aina iliyokuwa ndani ya kompyuta za Apple kabla ya kampuni hiyo kuhamia Intel mwaka 2006. Huko GCC huanzia biti za juu. `ukubwa` sasa inachukua biti tatu za kwanza za 10010001, yaani 100, ambayo ni 4. Rangi zinakuwa 32 na jedwali linahesabiwa kuwa baiti 96. Programu inameza baiti 84 ambazo si za jedwali, kisha inatua katikati ya data ya picha ikidhani imefika mwanzo wa sehemu nyingine. Mtumiaji anaambiwa faili limeharibika, ilhali faili ni zima kabisa.

Na mpangilio wa biti si jambo pekee lililoachwa wazi. Kompaila pia ina uhuru wa kuchagua vijisehemu vikae ndani ya chombo cha ukubwa gani. Vyetu vinne vinajaza biti nane tu, lakini kwa GCC kwenye Intel `sizeof` ya `struct` hiyo ni 4, kwa sababu vimewekwa ndani ya `unsigned int` nzima. Aliyeandika `fread` ya `sizeof` anasoma baiti nne badala ya moja. Kichwa cha GIF kina baiti 13, kwa hiyo baiti ya nne aliyoisoma ni ya kumi na nne: nyekundu ya rangi ya kwanza. Kuanzia hapo kijani kinasomwa kama nyekundu, buluu kama kijani, na picha inatoka na rangi ambazo hakuna aliyezichora. Tena hili linatokea kwenye mashine ileile aliyoizoea.

Dawa ni kuisoma baiti kama namba, kisha kutumia barakoa. Barakoa ya usoni hufunika mdomo na pua, macho yakabaki wazi. Ya biti nayo ni namba inayofunika biti usizozitaka na kuacha wazi unazozitaka:

```c
unsigned char b = h[10];
unsigned jedwali = (b & 0x80) >> 7;
unsigned kina    = (b & 0x70) >> 4;
unsigned mpango  = (b & 0x08) >> 3;
unsigned ukubwa  =  b & 0x07;
```

Faili inawekwa kwenye `h`, na kwa kuwa C huhesabu kuanzia 0, baiti ya kumi na moja ni `h[10]`. Tuitazame mistari miwili. 0x07 ni 00000111; ukiipitisha juu ya 10010001 zinabaki biti tatu za chini, 001, nazo ni 1. 0x70 ni 01110000. Inaacha 00010000, na `>> 4` inazisogeza hatua nne chini, tunapata 1. Alama `&` na `>>` zinafanya kazi juu ya thamani ya namba, wala haziulizi namba hiyo imelazwaje kwenye kumbukumbu. Thamani 0x91 ni 0x91 kwenye Intel, kwenye PowerPC na kwenye mashine itakayobuniwa kesho.

Upana na kimo navyo visomwe vivyo hivyo. GIF huweka baiti ndogo kwanza, kwa hiyo upana ni `h[6] | (h[7] << 8)` kila mahali. Ukiwa unaandika faili, pitisha kila namba kwenye barakoa yake kabla ya kuisogeza, la sivyo ukubwa wa 9 utavuka mpaka na kuwasha biti ya jirani.

Vijisehemu vya biti vina nafasi yake halali: data inayozaliwa na kufa ndani ya programu moja, ambayo haiendi kwenye diski wala kwenye mtandao. Wapo pia wanaovitumia nje ya hapo kwa gharama: msimbo wa Linux hueleza kichwa cha pakiti ya IP kwa vijisehemu, na umelazimika kuviandika mara mbili, mpangilio mmoja kwa kila aina ya mashine.

Ukitaka kuipima programu uliyonayo kwenye mashine ya aina nyingine, usiijaribu kwa picha ya rangi 256. Picha hizo mara nyingi hubeba baiti 0xF7, yaani 11110111. Isome biti tatu za chini, ni 7. Isome tatu za juu, bado ni 7. Biti ya jedwali nayo ni 1 kutoka ncha yoyote. Picha itafunguka vizuri na kosa litabaki limejificha. Ijaribu kwa picha ya rangi 4, yenye 0x91, kisha uhesabu: kama jedwali si baiti 12, umelikamata.