Makasisi wa Zama za Kati walijua dunia ni tufe

Ndugu Mhariri,

Makala ya gazeti lako kuhusu Kristoforo Kolumbus ilisema kwamba viongozi wa kanisa wa Zama za Kati waliwafundisha watu kuwa dunia ni bapa, naye akasafiri mwaka 1492 kuwaumbua. Naomba nafasi ya kusahihisha, maana mafundisho yao yameandikwa na yanasomeka hadi leo.

Mwaka 725 Beda, mmonaki wa Uingereza, aliandika kitabu cha kuhesabu nyakati, ambacho makasisi walikihitaji ili kupata tarehe ya Pasaka. Humo alieleza kwamba urefu wa mchana hutofautiana nchi na nchi kwa sababu dunia ni tufe kama mpira, wala si duara bapa kama ngao.

Miaka 500 baadaye, Yohane wa Sacrobosco aliandika kitabu kidogo cha elimu ya nyota kilichosomeshwa kwa karne nyingi katika vyuo vikuu vya Ulaya, walikosoma makasisi wenyewe. Hakumtaka mwanafunzi aamini tu. Weka alama ufukweni, anasema, kisha chombo king'oe nanga kiende mbali mpaka aliyesimama chini ya mlingoti asiione tena. Aliye juu ya mlingoti bado anaiona, ingawa jicho la yule wa chini ndilo lililo karibu zaidi na alama. Kilichomziba ni mgongo wa maji yenyewe. Tena, kupatwa kwa mwezi kulekule ambako watu wa magharibi hukuona usiku unapoingia, watu wa mashariki hukuona usiku ukiwa umekwenda.

Wapo waliopinga. Laktansi katika karne ya 4 aliikejeli habari ya tufe, na Kosmas katika karne ya 6 alichora dunia bapa. Lakini Kosmas aliandika Kigiriki, na vyuo vya Ulaya Magharibi havikumfuata yeye wala Laktansi.

Ubishi wa Kolumbus na wataalamu wa Hispania ulihusu ukubwa wa dunia. Alichukua vipimo vya al-Farghani, vilivyo katika maili za Kiarabu, akavihesabu kwa maili fupi za Kiitalia, dunia ikapungua. Akaamini kwamba kutoka Visiwa vya Kanari hadi Japani, kwa kwenda magharibi, hazifiki kilomita 5,000. Kwa kweli zinakaribia 20,000. Wataalamu waliomkatalia walikuwa sahihi, na kama bara la Amerika lisingekuwa njiani, mabaharia wake wangekufa kwa njaa na kiu.

Hadithi ya makasisi wajinga ilienezwa sana na mwandishi Mmarekani, Washington Irving, katika kitabu chake cha mwaka 1828 kuhusu Kolumbus. Aliupamba mkutano wa Salamanka kwa maneno ya kubuni, na vitabu vya shule vikayachukua kama historia.

Naomba sahihisho hili litokee katika ukurasa uleule uliobeba makala hiyo.

Wako,
Msomaji