Vanila Ile Ile, Lebo Tatu: Maneno ya Ladha kwenye Pipi na Vinywaji

Geuza pakiti ya pipi au chupa ya kinywaji usome orodha ya viambato. Karibu na mwisho utakuta neno ladha, likiwa na mojawapo ya sifa tatu: ladha ya asili, ladha inayofanana na ya asili, au ladha bandia. Mara nyingi huwa kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo. Wazazi wengi huzielewa hivi: ya kwanza ni salama, ya mwisho ni sumu, na ile ya katikati ni ujanja wa kiwanda. Sivyo. Maneno hayo yanaeleza kitu kinachotoa ladha kimetoka wapi na kimepatikana kwa njia gani. Hayaelezi usalama wake, wala hayakuhakikishii kwamba tunda lililochorwa kwenye pakiti limo ndani.

Kwanza tuelewe ladha yenyewe ni nini. Ziba pua kwa vidole, kisha weka pipi ya embe kwenye ulimi. Utasikia utamu wa sukari na ukali kidogo wa asidi, basi. Achia pua, na embe linajitokeza mara moja. Ulimi hutambua mambo machache tu, kama utamu, uchachu, chumvi na uchungu. Mengine yote tunayoyaita ladha ya embe, nanasi au vanila ni harufu inayopanda puani kupitia nyuma ya koo. Harufu hiyo ni molekuli nyepesi zinazoruka hewani, na pua inazinasa hata zikiwa chache mno. Ndiyo maana kiwanda kinahitaji miligramu chache tu kuipa lita nzima ya maji ya sukari harufu ya tunda, na ndiyo maana kiambato hiki huandikwa mwishoni: orodha hupangwa kuanzia kilicho kizito zaidi.

Vanila ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi sifa hizo tatu zinavyofanya kazi, na ni zao linalolimwa hapa kwetu, Kagera na Kilimanjaro, na kwa wingi zaidi Uganda. Mkulima wa vanila anajua gharama yake. Ua hufunguka siku moja tu, na huku kwetu hakuna mdudu wa kulichavusha, kwa hiyo mtu hulichavusha kwa mkono, ua moja baada ya jingine. Njia hiyo ya mkono iligunduliwa mwaka 1841 na Edmond Albius, kijana mtumwa katika kisiwa cha Réunion. Baada ya hapo podi hukaa kwenye mmea kwa takriban miezi tisa, kisha huchovywa kwenye maji ya moto, hufunikwa zitoe jasho, na hukaushwa taratibu kwa miezi kadhaa. Kilo tano au sita za podi mbichi hutoa kilo moja ya podi kavu. Ndani ya kilo hiyo, molekuli kuu ya harufu, iitwayo vanilini, ni kama gramu 20 tu.

Mfaransa Nicolas-Théodore Gobley aliitenga vanilini kutoka kwenye podi mwaka 1858. Mwaka 1874 Wajerumani wawili, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, waliitengeneza kutokana na kitu kilichomo kwenye utomvu wa misonobari, bila podi hata moja. Haikuwa kitu kinachokaribiana na vanilini. Ilikuwa vanilini yenyewe, yenye atomi nane za kaboni, nane za haidrojeni na tatu za oksijeni, zilizoungana kwa mpangilio ule ule. Leo vanilini nyingi duniani hutengenezwa kutokana na gwayakoli, kemikali inayotokana na mafuta ghafi, na nyingine hutokana na mabaki ya mbao katika utengenezaji wa karatasi. Inayotoka kwenye podi haifiki asilimia moja ya vanilini yote inayotumika.

Sasa turudi kwenye lebo. Vanilini iliyokamuliwa kutoka kwenye podi ni ladha ya asili. Ile iliyotengenezwa kwa gwayakoli ni ladha inayofanana na ya asili, kwa sababu molekuli hiyo hiyo inapatikana katika chakula ambacho binadamu hula, ila hii imeundwa kwa kemia. Mwili hauna namna ya kuzitofautisha hizi mbili. Ini linazivunja kwa njia moja. Tofauti unayoweza kuisikia iko kwingine: podi ina mamia ya molekuli nyingine kando ya vanilini, na ndizo zinazofanya vanila halisi iwe na harufu pana, yenye kitu cha moshi, cha matunda na cha ngozi kwa pamoja. Aiskrimu ya vanilini tupu ina harufu tamu iliyonyooka, na huishia hapo.

Ladha bandia, kwa maana yake hasa, ni molekuli ambayo haipatikani katika chakula cha asili. Mfano wake uko jirani kabisa na vanilini na unaitwa ethili-vanilini. Wanakemia wamebadilisha kipande kimoja kidogo cha molekuli, na harufu yake imekuwa kali mara mbili hadi nne zaidi. Kiwanda kinatumia kidogo na gharama inashuka. Biskuti nyingi na chokoleti za bei nafuu hunukia kwa sababu yake.

Hadi hapo mambo yamenyooka. Yanaanza kupinda kwenye neno asili lenyewe. Pumba za mchele zina asidi feruliki, na kuna bakteria wanaoweza kuigeuza kuwa vanilini katika matangi ya uchachushaji. Malighafi ni mmea na kazi imefanywa na viumbe hai, kwa hiyo sheria za Ulaya na za Marekani zinaruhusu vanilini hiyo iitwe ladha ya asili. Haijawahi kukaribia ua la vanila. Kwa maoni yangu hapa ndipo mnunuzi anapopotoshwa zaidi, kuliko kwenye yale maneno mawili mengine yanayomtisha, maana analipia picha ya ua na podi huku ndani mna zao la pumba. Ulaya imejaribu kuziba pengo hilo: ukitaka kuandika ladha ya asili ya vanila, ukilitaja zao kwa jina, angalau asilimia 95 ya kile kinachotoa ladha lazima itoke kwenye vanila. Ukiandika ladha ya asili bila kutaja zao, chanzo kinaweza kuwa mmea mwingine wowote.

Maabara zina njia ya kugundua udanganyifu. Mmea ulio hai hufyonza hewani kaboni yenye mionzi hafifu, ile kaboni-14 inayotumiwa kukadiria umri wa mifupa ya kale. Mafuta ghafi yamekaa chini ya ardhi mamilioni ya miaka na kaboni hiyo imekwisha kabisa. Vanilini isiyo na kaboni-14 ilitoka kisimani, hata kama mfuko umeandikwa asili. Ya pumba inapita kipimo hicho, kwa hiyo hupimwa kwa kaboni-13: mvanila hufyonza hewa usiku na mpunga mchana, na tofauti hiyo ya maisha huacha alama katika uwiano wa kaboni wa kila mmoja.

Maneno haya pia hayatumiki kila mahali. Kodeksi, kanuni za chakula za FAO na WHO, inaruhusu sifa zote tatu kwenye lebo, ndiyo maana bado unaziona kwenye maduka yetu. Ulaya iliifuta ile ya katikati kwa kanuni ya mwaka 2008 iliyoanza kutumika Januari 2011. Kule sasa kuna ladha na ladha ya asili tu. Marekani haikuwahi kuwa nayo, ina ya asili na bandia. Kwa hiyo vanilini ya gwayakoli, kutoka pipa lile lile, inaitwa bandia ikifika New York, inaitwa ladha tu ikifika Hamburg, na inaweza kuitwa inayofanana na ya asili ikifika Mombasa au Dar es Salaam.

Na usalama? Kumarini ni molekuli ya asili kabisa, hutoka kwenye mbegu za mtonka, na zamani ilikuwa ikitiwa kwenye vanila za bei nafuu. Marekani iliipiga marufuku kwenye chakula mwaka 1954 baada ya kuonekana kudhuru ini la wanyama. Kwa upande mwingine, Oktoba 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo iliondoa ruhusa ya ladha kadhaa za kutengenezwa, ikiwemo miraseni na pulegoni, kwa sababu sheria inakataza kiambato chochote kilichosababisha saratani kwa wanyama hata kwa dozi kubwa mno. Mamlaka yenyewe ilieleza kuwa kwa kiasi kinachotiwa kwenye chakula haikuona hatari. Molekuli hizo hizo ziko kwenye mnanaa, mchaichai na maembe, na mafuta ya mimea hiyo hayakuguswa.

Kinachoamua ni molekuli gani na kiasi gani. Wataalamu wa FAO na WHO wameweka kiwango cha vanilini ambacho mtu anaweza kula kila siku maisha yake yote: hadi miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa ethili-vanilini ni miligramu 3. Mtoto wa kilo 20 anaruhusiwa basi miligramu 200 za vanilini. Tuseme kinywaji chake kina miligramu 50 kwa lita. Angelazimika kunywa lita nne kwa siku ili afike hapo. Kama kinywaji hicho kina gramu 100 za sukari kwa lita, kama soda nyingi zilivyo, lita nne hizo zina gramu 400 za sukari. Mtoto huyo ameshaharibikiwa na sukari muda mrefu kabla vanilini haijawa jambo la kuzungumzwa.

Kwa hiyo ukishika pakiti ya juisi ya unga yenye picha ya embe lililokatwa, anza juu ya orodha. Sukari ikiwa ya kwanza, asidi sitriki ya pili, kisha ladha na rangi, na embe halimo kwenye orodha, basi hakuna embe, hata kama ladha yake ni ya asili. Tunda likiwemo, tafuta asilimia yake. Rangi ni suala jingine: neno asili kwenye ladha haliigusi, na rangi ya kutengenezwa kama tatrazini, E102, inaweza kukaa mstari mmoja na ladha ya asili. Neno hilo halikuelezi pia ladha imeyeyushwa ndani ya nini. Kwa sheria ya Marekani, dondoo halisi la vanila lazima liwe na alkoholi isiyopungua asilimia 35, ilhali unga wa vanilini wa kiwandani unaweza kuuzwa bila alkoholi yoyote. Anayeepuka alkoholi kwa sababu ya dini amwulize mtengenezaji kuhusu kiyeyushio, kwani lebo mara nyingi haikitaji.