Mia tatu ya 2018 ilikuwa ngapi?

Msimu wa kupandikiza mpunga ukifika Mwea, wanawake huingia shambani jua likiwa bado pole. Maji huwafika kwenye muundi. Mkono wa kushoto hushika fungu la miche, wa kulia huchomoa miwili mitatu na kuididimiza kwenye tope, kisha mguu unarudi nyuma hatua moja. Migongo hainyooki mpaka mstari uishe. Jioni hulipwa, na hapo ndipo mabishano yanapoanza.

Tuseme mwenye shamba alilipa shilingi 300 kwa siku mwaka 2018, na mwaka 2024 akalipa 400. Yeye atasema ameongeza theluthi nzima. Kibarua atasema mia tatu ile ilimfikisha nyumbani na kifurushi, na mia nne hii inaishia njiani. Viwango hivi nimevichagua kwa ajili ya hesabu tu, kwa kuwa malipo hutofautiana shamba kwa shamba, msimu kwa msimu. Lakini mfumuko wa bei ni wa kweli, na unaweza kuamua ugomvi huu.

Kwa mujibu wa Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 5.2 mwaka 2019, 5.4 mwaka 2020, 6.1 mwaka 2021, 7.7 mwaka 2022, 7.7 tena mwaka 2023 na 4.5 mwaka 2024. Wengi wakishaziona namba hizi huzijumlisha. Wanapata 36.6, wanaiongeza juu ya mia tatu, wanatoka na shilingi 410. Hapo tayari wamempunja kibarua. Ongezeko la 2020 halikukaa juu ya bei za 2018, lilikaa juu ya bei ambazo 2019 ilikwisha kuzipandisha. Kwa hiyo namba huzidishwa: 1.052 mara 1.054 mara 1.061, hivyo hivyo hadi 1.045 ya mwisho. Jibu ni 1.426. Mia tatu ya 2018 inakuwa shilingi 428 za 2024. Aliyelipwa 400 amepungukiwa na shilingi 28 kila siku, ingawa noti mkononi zimeongezeka.

Mwenye shamba asilaumiwe peke yake, maana serikali nayo imefanya vivyo hivyo kwa muhuri. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa kilimo asiye na ujuzi kilikuwa shilingi 6,736 kwa mwezi mwaka 2018. Kikakaa hapo miaka minne. Mei 2022 kiliongezwa asilimia 12, kikawa 7,545, na Novemba 2024 kikaongezwa asilimia 6, kikawa 7,997. Nyongeza zote mbili zilitangazwa Siku ya Wafanyakazi na kupigiwa makofi. Lakini zidisha 6,736 kwa 1.426 upate takriban 9,600. Ili mfanyakazi wa 2024 asimame pale aliposimama mwenzake wa 2018, alihitaji shilingi 1,600 zaidi kila mwezi. Mshahara ulipanda kwa karibu asilimia 19, na bado uwezo wake wa kununua ukashuka kwa karibu asilimia 17.

Wapo wasioamini takwimu za serikali, nao hukimbilia dola. Shilingi ikianguka, wanasema, dola itatuonyesha ukweli. Hebu tuwafuate. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Mwezi uliofuata serikali ikakopa dola bilioni 1.5 katika soko la kimataifa ili kununua sehemu ya deni lililokuwa likiiva mwaka huo, hofu ikatulia, na kufikia Aprili dola ilikuwa imeteremka hadi karibu 131. Sasa chukua kima cha chini cha wakati huo, 7,545. Januari kilikuwa dola 47, na Aprili kikawa dola 58. Kwa kipimo cha dola, mfanyakazi wa kilimo alipata nyongeza ya zaidi ya asilimia 20 ndani ya miezi mitatu bila kuongezewa hata senti. Mwulize mpandaji mpunga kama alinusa harufu ya nyongeza hiyo kwenye sufuria yake.

Dola haikosi maana Mwea. Mbolea huagizwa kutoka nje, mafuta ya matrekta vilevile, na mchele wa Pishori hushindana sokoni na ule unaoletwa kutoka Pakistani. Ila shilingi ikianguka, maumivu hayo hupanda polepole ndani ya bei za unga, nauli na mafuta ya taa, na mfumuko wa bei huyahesabu humo humo. Anayerekebisha mshahara kwa mfumuko wa bei kisha akaubadilisha tena kwa kiwango cha dola amehesabu hasara moja mara mbili. Kipimo cha dola kinamfaa anayenunua kwa dola. Kibarua wa Mwea hununua kwa shilingi.

Mtego mwingine uko kwenye fahirisi yenyewe ya bei. Hapo awali KNBS ilihesabu Februari 2009 kuwa 100. Kisha ikabadilisha mwanzo, Februari 2019 ikawa 100 mpya. Fahirisi ya zamani mwishoni mwake ilikuwa takriban 200, na ile mpya mwaka 2024 ilikuwa takriban 140. Asiyejua kuwa ni mizani mbili atagawanya 140 kwa karibu 200 na kugundua kwamba maisha Kenya yamekuwa nafuu. Ukiona jibu la namna hiyo, usisherehekee, tazama mwaka ulioandikwa kando ya neno "msingi".

Kisha tujiulize fahirisi hiyo inapima kapu la nani. Katika kapu la taifa, chakula na vinywaji visivyo vileo vina uzito wa asilimia 33 hivi. Ndani ya kapu hilo kuna kodi ya nyumba za mjini, karo na simu. Mpandaji mpunga hutumia sehemu kubwa zaidi ya pesa zake kwa chakula. Oktoba 2022 mfumuko wa jumla ulikuwa asilimia 9.6, lakini wa chakula ulikuwa 15.8. Kwa nyumba inayotumia asilimia 60 ya pesa zake kwa chakula, hesabu hiyo hiyo inafika kama asilimia 12. Kwa hiyo ile 428 yetu ni makadirio ya upole, hasa kwa miaka ambayo chakula ndicho kilichoongoza kupanda.

Lakini haki haiko upande mmoja. Bwawa la Thiba lilizinduliwa Oktoba 2022, na maji yake yaliwekwa ili mashamba ya Mwea yaweze kupandwa mara mbili kwa mwaka badala ya mara moja. Aliyefanya kazi siku 60 kwa 300 mwaka 2018 alipata shilingi 18,000, ambazo kwa pesa za 2024 ni karibu 25,700. Akipata siku 90 kwa 400, anapata 36,000. Malipo ya siku yamepungua thamani, ya mwaka yameongezeka, na mgongo wake umeinama siku 30 zaidi.

Ndiyo maana msimamizi anayeandika malipo daftarini huandika na idadi ya siku za kila kibarua, si kiwango peke yake. Na akiwa makini, huandika pembeni bei ya pakiti ya unga wa kilo mbili juma hilo, ingawa hapo pia aangalie: Julai 2022 serikali ilishusha pakiti hiyo hadi shilingi 100 kwa ruzuku ya wiki nne, na atakayeuchukua mwezi huo kuwa kipimo chake atadhani vibarua wa mwaka ule walikuwa matajiri.