Kumshukuru Mjasiriamali Aliyeitembelea Klabu

Mwanafunzi aliyepangiwa kumshukuru mgeni wa klabu ya biashara mara nyingi huandika hotuba yote usiku uliotangulia, na hapo ndipo inapoharibika: anasifu maneno ambayo bado hajayasikia. Aandae salamu tu, kisha amsikilize mgeni kalamu mkononi.

Tuseme mgeni ni mama mtengeneza sabuni, naye amesimulia alivyokaribia kufilisika kwa kuchanganya fedha za nyumbani na za biashara. Msemaji aliguse hilo hilo: “Mama, umetueleza hasara yako bila kuificha. Kuanzia Jumatatu, mweka hazina wetu atatenganisha daftari la mauzo ya maandazi na la michango ya wanachama. Asante sana.”

Dakika mbili zinatosha. Asirudie mada nzima, wala asimwombe mtaji hadharani. Mgeni atashindwa kukataa.