Kutenganisha Nywele na Mandharinyuma

Unywele mmoja mara nyingi ni mwembamba kuliko pikseli, kwa hiyo pikseli za ukingoni huchanganya rangi ya nywele na ya nyuma yake. Mstari mkali huziharibu. Kinachofaa ni barakoa yenye kijivu, inayoacha pikseli hizo zionekane nusunusu.

Kwa mwanamke mwenye nywele nyeusi mbele ya anga ya buluu, njia nzuri katika Photoshop ni ya chaneli. Kwenye Channels, Blue ndiyo hutenganisha zaidi: anga hung'aa, nywele hubaki nyeusi. Chaneli hiyo hunakiliwa, kisha Levels huifanya anga nyeupe na nywele nyeusi kabisa, bila kukaza mno, maana kijivu kikiisha ncha hukatika kama zilizonyolewa. Uso na nguo hupakwa nyeusi, nakala hugeuzwa kwa Ctrl+I, na kubofya kijipicha chake huku Ctrl imebanwa huleta uteuzi wa kutengenezea barakoa.

Picha ikiwekwa juu ya rangi nzito, mzingo wa buluu hujitokeza. Ncha hizo hupakwa rangi ya nywele zenyewe, kwenye safu iliyofungwa juu ya picha.

Nywele nyeusi mbele ya ukuta mweusi hazitenganishwi hivi, kwani chaneli zote hufanana.