Mashine inayorudisha mtaji haraka inaweza kukutia hasara

Mashine ya kusaga inauzwa shilingi 6,000,000 na inaingiza faida taslimu ya 2,000,000 kwa mwaka. Mtaji unarudi baada ya miaka 3. Nyingine, ya bei hiyohiyo, inaingiza 1,500,000, hivyo inachukua miaka 4. Wengi watanunua ya kwanza.

Lakini hesabu hiyo inaichukulia shilingi ya mwaka kesho kuwa sawa na ya leo. Ukikopa kwa riba ya asilimia 20, gawanya faida ya mwaka wa kwanza kwa 1.2, ya pili kwa 1.44, na kuendelea. Mashine ya kwanza ikichakaa baada ya miaka 5, imerudisha takriban 5,981,000: mtaji haujatimia. Ya pili, inayodumu miaka 10, inautimiza mwaka wa 9.

Hata kipimo hiki kina upofu: hakihesabu kinachoingia baada ya mtaji kurudi.

Vilevile, ukibakiwa na shilingi 60 kwa kilo, huku kodi na mshahara vikiwa 300,000 kwa mwezi, kilo 5,000 zinafidia gharama hizo tu. Bei ya mashine bado haijaguswa.

Kabla ya kununua, jumlisha thamani ya leo ya faida za miaka yote, kisha toa bei.